Upande Wetu wa Kisima

Jirani yangu anajenga, na juzi asubuhi lori lilimwaga mchanga karibu na lango langu. Ulikuwa mchanga wa mtoni ambao bado una maji ndani yake. Nilikuwa natoka kwenda kununua maziwa, harufu yake ikanisimamisha. Nyinyi wa rika langu mliokulia Ukambani huenda mnaikumbuka. Si harufu ya matope wala ya mvua. Ni harufu ya baridi, ya mahali palipochimbwa mpaka maji yakakaribia. Dereva alidhani nimekasirika kwa kuzibiwa njia, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia amwage tu. Nilirudi ndani bila maziwa, na siku nzima nilichoka uchovu nisioweza kuusingizia umri.

Uchovu huo naujua. Ni wa kiangazi kile watu wetu walichokiita nikw'a ngwete, yaani nakufa nimeshika, kwa kuwa hata aliyekuwa na pesa mkononi hakupata chakula cha kununua. Wengine watawasimulia mahindi ya manjano ya msaada, yale tuliyoyala huku tukilalamika kwamba yananuka gunia. Mimi, nikikumbushwa wakati ule, ninachokiona ni kisima, na maksai wawili wa Baba wakisimama na vichwa chini.

Kwetu ni nyanda za chini, upande wa Kasikeu. Mto wetu haukuwa mto wa maji. Sehemu kubwa ya mwaka ulikuwa njia pana ya mchanga, watu wakavuka kwa miguu na mbuzi wakalala humo. Mvua ikinyesha milimani Mbooni, mto ulikuja kwa kishindo, ukabeba magogo na ndala za watu, kisha ukapita. Tuliyoyategemea ni maji yaliyozama mchangani. Nayo hayakukaa kila mahali. Penye mchanga laini kama unga yalikuwa kidogo na yalitoka kwa taabu. Penye mchanga wa chenga kubwa yalikaa mengi. Zaidi ya hayo, ulihitajika mwamba uliokatiza mto huko chini, ukayazuia maji yasiendelee kuteremka. Ukichimba upande wa juu wa mwamba unapata. Ukichimba upande wa chini, maji yamekwisha kuzuiliwa nyuma yako.

Babu aliupata mwamba wa namna hiyo mbele ya shamba lake, akachimba upande wake wa juu. Alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa, mama yake Baba Mkubwa Kilonzo, alikaa ng'ambo ya mashariki. Nyanya yangu, mama yake Baba, alikaa ng'ambo ya magharibi, na ndiko sisi tulikozaliwa. Ili wake zake wasigombane, Babu alikizungushia kisima boma la miiba lenye milango miwili, kila nyumba na wake. Kila mafuriko yakija yalifukia kila kitu, na mto ukikauka Babu alirudi palepale na jembe. Hakuna mtu wa kijiji angethubutu kuchimba pale. Mahali pa kisima palikuwa pa aliyepachimba mwanzo na watoto wake, hata kama pamefunikwa na mchanga wa mto mzima.

Milango yenyewe ilikuwa matawi ya mgunga. Tawi kama hilo hulivuti ovyo. Unalishika kwa shina, mahali mkono unapopata nafasi, unaliburuta mpaka lizibe pengo. Ukifunga ukiwa nje, shina linabaki upande wako, na kesho unalishika tena. Ukifika ukakuta ncha zenye miiba ndizo zinazokutazama, ujue aliyefunga alisimama upande wa pili. Hata sisi watoto tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Palikuwa na sheria nyingine, na hakuna aliyeziandika. Sabuni haikukaribia kisima. Punda alisimama mbali. Asubuhi ilikuwa ya watu, kwa kuwa maji yalikuwa yamejikusanya usiku kucha na yalikuwa safi. Mifugo ilikuja mchana, ikanyweshwa kwenye hori la mti nje ya boma, ng'ombe wa mwenye kisima kwanza. Ukishachota mpaka chini unakaa, unangoja kisima kijae tena, na ukiwa na haraka hiyo ni shauri yako. Mtu baki hakunyimwa maji ya kunywa, hata awe adui, lakini hakuingia ndani. Alisubiri nje ya boma na mtungi wake, akachotewa. Ama maji ya ng'ombe, hayo yaliombwa kwa mdomo, mbele ya watu. Kuomba huko kulikuwa na uzito wake. Kukitokea kesi ya kisima, wazee waliuliza jambo moja tu: nani alikuwa akimwomba nani?

Babu alifariki mvua za mwisho nzuri zilipokuwa zinakwisha. Kisha mvua za vuli hazikuja, na zile za masika zikadondoka kidogo zikatuaga. Maji ya kisima yakaanza kushuka. Baba Mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa, alishika jembe akaongeza kina. Baba alingoja aitwe kusaidia. Asubuhi moja tukashuka mtoni, Baba na mimi na wale maksai, tukakuta tawi la mlango wetu limegeuzwa. Ncha zote za miiba zilitutazama.

Baba alisimama akaliangalia kwa muda mrefu. Maksai walikuwa wanasukumana, wamenusa maji. Mmoja aliitwa Chifu, kwa sababu ya tumbo lake. Mwingine aliitwa Mwalimu, kwa sababu hakupenda kupigwa na alikumbuka kila aliyempiga. Baba alilima mashamba ya nusu ya kijiji na hao wawili, na aliwajali kuliko alivyojali shati lake la kanisani.

"Rudisha ng'ombe," akaniambia.

Nyumbani alimwambia Mama maneno ambayo niliyasikia mara nyingi baadaye, "Kilonzo ametuelekezea miiba."

Mimi nikayachukua maneno hayo jinsi yalivyo. Nilidhani Baba Mkubwa ana namna ya kuituma miiba, kama watu wabaya wanavyosemwa kutuma nyuki. Tangu siku hiyo kila mwiba ulionichoma mguuni nilijua umetoka ng'ambo. Nilimpelekea Mama mguu pamoja na pini, nikamuuliza kama na huu ni wa Baba Mkubwa. Mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alikoma kucheka, akawa anatoa mwiba bila kunijibu.

Mama alijaribu mapema. "Nenda umuulize. Wewe ni ndugu yake."

"Nimuulize nini? Mlango wangu umefungwa kwa ndani. Sasa nizunguke kwake nimwambie naomba maji?"

"Kuomba kuna ubaya gani?"

"Mama Mwikali," alimwita kwa jina langu, "nikiomba leo nimekubali si changu. Kesho Mwikali na ndugu zake wataomba. Nitakuwa nimewauzia kisima cha baba yangu kwa mdomo."

Nimeishi na maneno hayo muda mrefu, na kusema kweli sijapata pahali pa kuyapinga. Alikuwa na haki. Hilo ndilo linalonichosha zaidi kila nikiyarudia.

Angeweza kuchimba kando ya kisima cha Babu, upande wa juu. Wapo waliomshauri hivyo. Lakini ukichimba karibu na mwenzako, ukaenda chini kumpita, maji yake yanakuhamia. Asubuhi anaamka kisima chake ni mchanga mtupu. Watu waliliona hilo kuwa wizi, na Baba hakutaka kusikia habari zake. "Mimi simchimbii mtu maji chini," alisema. Basi akashuka kupita mwamba, mahali ambapo hapakuwa pa mtu, na sababu ya kutokuwa pa mtu kila mtu aliijua.

Alichimba yeye na Mama. Mimi nilibeba mchanga kwa karai. Kisima cha mchangani hakichimbwi wima kama choo, kitakufukia. Unakifanya kipana juu kama sahani, unashuka kwa ngazi, ngazi moja urefu wa kiuno, na kuta unazishikilia kwa matawi yaliyosukwa. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyolazimika kupanua juu, kwa hiyo kazi ya leo ni kubwa kuliko ya jana, na ya kesho ni kubwa zaidi. Baba alikuwa chini anajaza karai, Mama yuko ngazi ya kati anapokea, mimi juu naburuta na kumwaga mbali, maana ukimwaga karibu unarudi ndani. Ilikuwa hivyo siku baada ya siku.

Na akapata. Nataka mlijue hilo, kwa kuwa watu wa ng'ambo walipenda kusema hakupata kitu. Mchanga ulianza kuwa mweusi, ukawa mzito kwenye karai, kisha Baba akanyamaza kule chini. Nilipochungulia alikuwa amepiga magoti, ameweka kiganja, na maji yanamjaa taratibu kiganjani. Alipanda na kata moja, akampa Mama anywe kwanza, halafu mimi. Yalikuwa na mchanga na yalinipalia. Jioni ile Chifu na Mwalimu walikunywa kisimani kwetu, na Baba alisimama kati yao ameweka mkono mmoja juu ya kila mgongo. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliimba wimbo wa kanisani, naye hajui kuimba.

Lakini yalikuwa maji ya tundu tu, yaliyonaswa kwenye bonde la jiwe huko chini, na hakuna mengine yaliyokuja kujazia. Kwanza yalikuwa yakichukua muda mfupi tu, kama wa kuota moto, kujaa tena. Kisha ikawa nusu ya asubuhi. Halafu yakaanza kuwa na chumvi, uji ukawa mchungu, na Mwalimu akaweka mdomo na kuutoa. Baba akachimba zaidi. Jembe likaanza kulia kwenye jiwe.

Hapo Mama alichukua mtungi akaenda ng'ambo bila kumwambia mtu, nikimfuata. Maji ya kunywa hayanyimwi. Alipofika hakuingia, alikaa nje ya boma upande wa mashariki kama mgeni, yeye ambaye tangu aolewe alichota kisimani humo. Mama Mkubwa, mke wa Kilonzo, alitoka akachukua mtungi, akaingia nao, akaurudisha umejaa. Wakaongea habari za kunde na za mchungaji. Siku moja Mama Mkubwa alipokuwa anamtwika, alisema, "Upande wenu ni mbaya sana siku hizi."

Mama akaushika mtungi akaondoka. Njia nzima alitembea amekaza shingo, na si kwa sababu ya mtungi. "Umesikia?" aliniuliza tulipofika kwetu. "Sisi ndio wabaya." Hakumwambia Baba, kwa kuogopa kumwasha zaidi. Alimwekea maji mezani. Baba alikunywa, akabaki na kikombe mkononi. Ulimi wake uliyajua maji ya baba yake, maana hayakuwa na chumvi. Hakuuliza yametoka wapi, na kesho yake akanywa tena. Ila ng'ombe hakuwapeleka.

Kiangazi kinamfanya mtu atazame juu mpaka shingo imuume. Tuliyaona mawingu yakikaa Mbooni mchana kutwa, na nilidhani watu wa milimani wameyafunga kwa kamba. Kanisani tuliombea mvua kila Jumapili na kila Jumatano, na mchungaji alipomaliza watu walitoka nje wakiangalia upande uleule. Baba alikuwa na hesabu yake na alitueleza kila jioni: mvua za vuli zikifika, aliye na maksai ardhini siku ya kwanza anavuna, anayengoja kuazima analima wiki mbili baadaye na mahindi yanakaukia yakiwa na mbelewele. Kwa hiyo lazima Chifu na Mwalimu wafike kwenye mvua. Wanunuzi walikuwa wanashusha ng'ombe wa watu mpaka Emali kwa bei ya mbuzi, wakatujia na sisi. Baba aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akawaambia hawa hawauzwi. Walipoondoka alienda kuwakatia maksai matawi ya mti uliokuwa bado na majani, akapanda mwenyewe, na umri wake ule. Alitumaini kama mtu anayefanya kazi ya mshahara. Alitumaini mpaka sisi tukachoka kwa niaba yake.

Mwalimu alianguka asubuhi, zizini. Alikuwa amelala ubavu na hakutaka kuamka. Ng'ombe akilala hivyo wakati wa njaa, una siku hiyo tu. Asiposimama damu inakaa upande mmoja na miguu inakufa. Anainuliwa kwa nguvu. Miti miwili inapitishwa chini ya tumbo, watu wanashika pande zote, mmoja anavuta mkia juu, mwingine anashika pembe. Baba na Mama na mimi tulijaribu. Mwalimu alitutazama tu. Majirani wa upande wetu walikuwa wamehamisha mifugo yao mbali, hapakuwa na mwanamume karibu.

Mama akatoka nje ya zizi akapiga ukemi wa kuita watu. Kwetu ukisikia ukemi wa ng'ombe aliyelala huulizi ni wa nani wala mmekosana nini, unakuja. Baba alimwangalia lakini hakumkataza. Baada ya muda tukawaona watu watatu wakivuka mchanga: Baba Mkubwa na wanawe wawili, na mabegani wamebeba miti.

Nilijificha nyuma ya Mama. Nilitazama mikono ya Baba Mkubwa nione anakoiweka miiba.

Hakusalimia. Alizunguka ng'ombe, akapapasa tumbo, akafungua mdomo wake akatazama fizi. "Shikeni," akasema. Wanawe wakapitisha miti. Yeye mwenyewe akashika mkia, kazi ambayo mwenye heshima zake humwachia kijana, kwa sababu mnajua kinachotoka huko. Baba akashika pembe. Wakainua, Mwalimu akapanda nusu, akarudi chini. Wakainua tena. Mara ya tatu alisimama, miguu ikimtetemeka, na wanaume wanne wamemwegemea wanahema.

Ndipo Baba Mkubwa akasema, shavu lake likiwa bado ubavuni mwa ng'ombe, "Hii haina njaa sana. Hii ni kiu. Mbona humleti kisimani?"

Baba alikuwa bado ameshika pembe. "Nimlete kwa mlango gani, Kilonzo? Si ulinielekezea miiba."

"Miiba gani?"

"Ya mlango wangu. Ya mlango wa mama yangu."

Baba Mkubwa aliinua uso. Alikuwa mtu mzito wa maneno, na nikaona anayatafuta. "Musyoka, ukuta wa upande wenu ulianguka," akasema. "Nilipoongeza kina. Huko kwenu ni mchanga laini, ulikuja wote. Ulimfunika huyu hapa mpaka kifuani." Akamwonyesha mwanawe mdogo kwa kidevu. "Tulimtoa kwa mikono. Nikaziba nikiwa ndani, mtu asije akaingia akafa na ng'ombe wake. Nilisimama ndani, sasa miiba ingeangalia wapi?"

"Na hukuweza kuniambia."

"Nilijua utakuja kuuliza. Mlango wa mtu ukifungwa si anauliza? Nikangoja. Nikaona unachimba kule chini ya mwamba, nikasema basi, huyu amekataa maji ya baba, hataki kuchota pamoja na sisi. Wewe mdogo, mimi nije kukubembeleza?"

Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, na nilijua anakumbuka yale maneno ya Mama Mkubwa, upande wenu ni mbaya. Yule binti aliyekuwa nyuma yake, ambaye ni mimi, alikuwa anajaribu kuelewa kwamba miiba yote ile iliyomchoma miguuni ilikuwa miiba tu.

Msidhani walikumbatiana. Walimshikilia Mwalimu mpaka akaweza kusimama peke yake, wakanawa kwa vumbi, na Baba akachukua jembe. Walishuka mtoni wote, nasi tukafuata. Siku ile nzima walifanya kazi kwenye mlango wetu: wakaondoa mchanga ulioanguka, wakapanua juu, wakakata ngazi upya, wakasuka ukuta kwa fito na kushindilia majani nyuma yake. Waliongea kuhusu kazi tu. Leta fito. Hapa bado. Shika huku. Nilipomsikia Baba akisema "hapa bado" niliisikia sauti yake ya zamani, ile ya wakati Babu yuko hai. Mwishowe Baba alitoka nje, akalivuta tawi kwa shina akafunga, akalifungua tena, kama mtu anayejaribu kiatu.

Chifu alikunywa jioni hiyo kwenye hori letu mpaka tumbo likamrudia. Mwalimu hakufika. Hakuweza kushuka ukingo wa mto, na Baba alimpandishia maji kwa debe, maji ya baba yake, yasiyo na chumvi. Alikunywa kidogo. Kesho yake alilala tena, tukapiga ukemi tena, wakaja tena na miti yao, wakainua mpaka mikono ikawafa. Baba ndiye aliyesema waache. Akaketi karibu na kichwa chake na kumfukuzia nzi mpaka alipokata roho.

Nimewahi kumlilia mtu, na nimewahi kumlilia Baba mwenyewe. Lakini Mwalimu nilimlilia kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa sababu sina wa kuielekeza. Ukuta ulianguka. Tawi liligeuka. Wanaume wawili waliojua haki zao walingojana, kila mmoja upande wake wa miiba, na aliyelipa ni ng'ombe.

Mvua za vuli zilikuja kwa kuchelewa, lakini zilikuja. Mto uliteremka kutoka milimani ukafukia visima vyote, cha Babu na kile cha Baba cha chini ya mwamba, ambacho sikukiona tena wala hatukukitafuta. Asubuhi ardhi ilikuwa imelowa hadi urefu wa kidole na zaidi. Mama alitoa mbegu alizokuwa amezificha kwenye kibuyu na majivu, mahindi na kunde, mbegu ambazo tulilia njaa huku tukijua zilipo. Na Baba alikuwa na maksai mmoja. Nira haivutwi na mmoja.

Nilidhani tutaingia tena katika yale ya zamani, Baba akae uani ahesabu nani amwombe nani. Badala yake alivaa koti, akavuka matope, nami nikamfuata kwa sababu nilitaka kuona. Alimkuta Baba Mkubwa anakunywa uji, akamwambia bila hata kukaa, "Kilonzo, naomba unisaidie na ng'ombe mmoja."

Lilitoka kirahisi sana neno hilo. Nilikuwa nimelingoja kiangazi kizima, nikidhani ni zito kama jiwe la kusagia, kumbe kwake halikuwa zito hata kidogo. Ng'ombe alikuwa wa Kilonzo, basi aliombwa. Baba Mkubwa alimaliza uji wake, akaenda kumfungua yule aliyekuwa na nafuu kidogo kati ya ng'ombe wake, akaja naye mwenyewe.

Wakamfunga nira pamoja na Chifu, upande wa Mwalimu. Hakuwa na mazoea na shamba letu wala na Chifu, kwa hiyo Baba Mkubwa alitangulia mbele ameshika kamba, Baba akashika plau nyuma, Mama akafuata akidondosha mbegu, na mimi nikifukia kwa mguu. Tulipofika mwisho wa mfereji wa kwanza, mahali pa kugeuka, Baba aliita kama alivyoita miaka yote, "Mwalimu, geuka."

Ng'ombe yule hakugeuka. Hakuwa na jina hilo. Baba Mkubwa alimvuta kwa kamba, akamgeuza. Mwisho wa mfereji wa pili Baba akaita tena, Mwalimu, geuka, na nikamwona Mama amesimama na mbegu mkononi. Hakuna aliyemrekebisha. Mifereji ilikuwa imepinda ovyo, na kabla jua halijawa kali Baba Mkubwa, kule mbele, alikuwa ameanza kumwita ng'ombe wake Mwalimu.